Kuuza vitunguu Kenya kwa jina lako: usajili, cheti cha usafi wa mimea na cheti cha uasili, kutoka Magu hadi Isebania

Mnunuzi kutoka Kenya akija Magu au Busega na lori lake, kwa kawaida anakuja na kila kitu: fedha, neti, vibarua wa kupakia na dereva anayeijua njia. Mkulima anapokea hela yake pembezoni mwa shamba, na hadithi inaishia hapo. Vitunguu vinavuka mpaka kwa jina la mtu mwingine, na tofauti ya bei kati ya shambani na Isebania, mji wa mpakani upande wa Kenya, anabaki nayo huyo mtu mwingine. Kwa wengi hilo halina shida, na kama una magunia kumi tu kwa msimu, sikushauri uhangaike na haya yanayofuata. Mwongozo huu ni wa mkulima anayevuna tani mbili tatu au zaidi, ana mnunuzi anayemwamini upande wa pili, na anataka mzigo uvuke mpaka wa Sirari kwa jina lake mwenyewe.

Nimechagua vitunguu maji kwa sababu vinalimwa sana kwa umwagiliaji kando ya ziwa, havihitaji kusindikwa, na vinastahimili safari. Hatua zilezile zinafaa kwa matikiti, nyanya au viazi vitamu, ila wadudu wanaotafutwa na haraka ya kuoza ni tofauti.

Vyeti viwili, maswali mawili

Kuna kosa moja linalozaa makosa mengine yote mpakani. Watu wamesikia kwamba ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 unavuka kwa utaratibu rahisi. Ni kweli. Wanachokosea ni kudhani kwamba "rahisi" maana yake ni karatasi moja tu.

Afisa forodha anataka kujua vitunguu vimelimwa wapi. Vikiwa vimelimwa Tanzania, havitozwi ushuru wa forodha kuingia Kenya. Cheti cha uasili wa bidhaa ndicho kinachomjibu, na utaratibu rahisi wa dola 2,000 unahusu swali hilo pamoja na tamko la forodha. Afisa wa afya ya mimea ana swali jingine kabisa: je, mzigo huu unabeba mdudu, ugonjwa au udongo? Yeye anajibiwa na cheti cha usafi wa mimea, ambacho mawakala wengi wanakiita "faito". Mdudu hajui dola. Neti ishirini zinaweza kubeba vithiripi, vijidudu vinavyojificha kwenye vitunguu, kama lori zima, kwa hiyo udogo wa mzigo hauondoi cheti hiki. Mkulima anayefika mpakani na cheti cha uasili tu, akiwa na uhakika kwamba amekamilika, ndiye utakayemkuta amekaa juu ya neti zake jua likizama.

Anza na mnunuzi kabla ya ofisi yoyote

Cheti cha usafi wa mimea kinatolewa Tanzania, lakini masharti yake yanatoka nchi mzigo unakokwenda. Ndiyo maana hatua ya kwanza iko mikononi mwa mnunuzi wako. Yeye ndiye anayeomba kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, taasisi ya Kenya inayosimamia afya ya mimea, na kibali hicho kinapaswa kuwa kimetoka kabla mzigo haujaondoka kwako. Mwambie akutumie nakala nzima, kurasa zote, hata kama ni kwa picha ya simu. Usikubali jibu la "usijali, kibali ninacho".

Ukikipata, kisome kwa mambo manne. Angalia jina la zao, ambalo litaandikwa pia kwa jina la kisayansi, *Allium cepa*. Angalia matumizi, kwa sababu vitunguu vya kula na vitunguu vya mbegu vina masharti tofauti, na kibali cha kimoja hakifai kwa kingine. Angalia tarehe ya mwisho na kiasi kilichoruhusiwa. Kisha tafuta tamko la ziada, yaani sentensi ambayo Kenya inataka iandikwe kwenye cheti chako, kwa mfano kwamba mzigo umekaguliwa na haukuonekana kuwa na mdudu fulani aliyetajwa kwa jina. Sentensi hiyo inanakiliwa neno kwa neno. Ikikosekana, cheti kinaweza kuwa na muhuri na saini zote na bado kikakataliwa.

Mpelekee afisa wa afya ya mimea wa kwenu nakala hiyo mapema. Kuna matamko yanayohitaji shamba likaguliwe mimea ikiwa bado ardhini, na ukigundua hivyo baada ya kuvuna, huo msimu umeshakupita.

Kujisajili kama muuzaji nje

Unahitaji namba ya NIDA, namba ya mlipakodi yaani TIN, jina la biashara au kampuni iliyosajiliwa, leseni ya biashara na akaunti kwenye mfumo wa Wizara ya Kilimo. Zifuate kwa mpangilio huo, maana kila moja inadai iliyotangulia.

TIN inatolewa na TRA bila malipo. Ukienda kuiomba, eleza kwamba utafanya biashara, kwa sababu TIN isiyo ya biashara, kama ile watu wanayochukua kwa ajili ya leseni ya udereva, haitakufikisha kwenye leseni ya biashara. Jina la biashara linasajiliwa BRELA kupitia ors.brela.go.tz. Leseni za biashara zimegawanyika katika makundi mawili: kundi B zinatolewa na halmashauri, na kundi A, ambako biashara ya kuuza nje ya nchi imo, zinatolewa na BRELA. Hapa wakulima wengi wanapotea. Wanakata leseni halmashauri, wanalipa, halafu wanaambiwa siyo ile.

Kuhusu majina, nitasisitiza hadi uchoke. Jina lililo NIDA liwe hilohilo kwenye TIN, kwenye leseni, kwenye ankara na kwenye vyeti. Huku kwetu mtu anaweza kuwa na jina la ubatizo, jina la ukoo na jina la babu, na kila karatasi ikabeba mawili tofauti. Kwenye mkutano wa kijiji haina neno. Kwenye mfumo wa kompyuta hao ni watu wawili. Ukikuta tofauti, irekebishe kabla ya kuomba chochote kinachofuata.

Kisha fungua akaunti ATMIS, mfumo wa Wizara ya Kilimo ulioko atmis.kilimo.go.tz. Humo ndimo yanamoombwa mambo ya vibali vya mazao na cheti cha usafi wa mimea. Cheti chenyewe kinatolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Makao makuu yako Arusha, lakini huna haja ya kufika huko: mamlaka ina ofisi ya Kanda ya Ziwa na wakaguzi kwenye vituo vya mpakani. Pakia nyaraka zako kwa skani safi. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole ni sababu ya kawaida kabisa ya maombi kurudishwa.

Je, lazima ujisajili peke yako? Hapana, na kwa wengi nadhani si busara. Kama mko wakulima watano mnaolima vitunguu kwenye skimu moja, chama cha ushirika au kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuwa muuzaji nje mmoja, mkachangia gharama za leseni na safari za ofisini. Hasara yake ni kwamba mzigo wa mwenzenu ukiwa na wadudu, cheti kinachokataliwa ni cha wote. Kwa hiyo kabla ya kuungana, kubalianeni nani anakagua neti za mwenzake kabla ya kufungwa.

Cheti kinaanzia shambani

Mkaguzi haongezi usafi kwenye vitunguu, anaukuta au anaukosa. Vitunguu vinavyokwama mara nyingi vinakwama kwa vitu vitatu: shingo mbichi, udongo na vithiripi.

Subiri hadi zaidi ya nusu ya majani yalale yenyewe ndipo ung'oe. Vianike kivulini penye upepo mpaka shingo ikauke na kubana, kazi inayochukua wiki moja hadi mbili kulingana na hali ya hewa, na kando ya ziwa unyevu wa usiku unairefusha. Bana shingo kwa vidole viwili: ikiteleza au ikitoa maji, bado. Kitunguu chenye shingo mbichi kinapitisha vimelea vya kuoza, na ndani ya neti iliyobanwa kimoja kinaoza na kuwachafua majirani zake kabla ya kufika Tarime. Ukiikata shingo, acha kama sentimita mbili au tatu. Vithiripi vinajificha hapohapo, kati ya maganda ya juu na shingo. Kung'uta vitunguu vichache juu ya karatasi nyeupe na utaona vijidudu vyembamba vya njano au kahawia vikitembea.

Udongo usiuoshe kwa maji. Sugua kwa mikono mikavu au gunia kavu. Kitunguu kilichooshwa kinaonekana kizuri siku ya kwanza na kinaota ukungu mweusi siku ya nne.

Wakati huohuo kusanya ushahidi wa uasili, maana hautapatikana mpakani. Barua ya mtendaji wa kijiji inayotaja shamba, ukubwa wake na zao ni mwanzo mzuri. Risiti ya ushuru wa mazao wa halmashauri ni bora zaidi, kwa sababu inaonyesha zao, kiasi, tarehe na mahali mzigo ulipotoka, na imetolewa na mtu asiye na faida yoyote katika mauzo yako. Wengi wanaiona kama karatasi ya kumwonyesha askari wa kizuizi na kuitupa. Itunze.

Swali ninaloulizwa sana: "Mbegu nilinunua ya kutoka Uholanzi, je vitunguu bado ni vya Tanzania?" Ndiyo. Kwa kanuni za uasili za Jumuiya, mmea uliolimwa na kuvunwa katika nchi mwanachama umezalishwa kikamilifu katika nchi hiyo. Mbegu, mbolea na dawa zinaweza kutoka popote. Ukinunua vitunguu vya jirani yako ili kujazia lori, navyo ni vya Tanzania, ila sasa unahitaji ushahidi wa shamba la jirani pia, angalau hati ya mauzo yenye jina lake na kiasi.

Kufungasha: hesabu ianzie hapa

Lumbesa sahau. Imepigwa marufuku na sheria ya vipimo, lakini hata kama isingekuwa hivyo, haifai kwa biashara hii kwa sababu haina uzito unaojulikana. Cheti cha usafi, ankara na tamko la forodha vyote vinataka idadi ya vifungashio na uzito, na afisa anaweza kuchagua neti yoyote akaipima. Tumia neti za uzito mmoja. Kwa mfano wetu tuchukue neti za kilo 25, kila moja imepimwa kwenye mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo.

Weka alama kwenye kila neti: herufi mbili tatu za jina lako na namba ya shehena, kwa mfano "MG 01". Alama hiyo itaandikwa kwenye cheti cha usafi na kwenye cheti cha uasili. Ndiyo inayomwezesha mkaguzi kule Isebania kusema kwamba neti alizo nazo mbele yake ndizo zilizokaguliwa Magu.

Pima siku ya kufunga, siyo siku ya kuvuna. Vitunguu vinapoteza maji, na tani mbili za leo hazitakuwa tani mbili wiki mbili zijazo.

Mfano: neti 80

Mkulima wa Magu ana neti 80 za kilo 25, jumla kilo 2,000. Amekubaliana na mnunuzi shilingi 1,500 kwa kilo, kwa hiyo thamani ni shilingi 3,000,000. Tuseme dola moja siku hiyo ni shilingi 2,500, mzigo wake ni dola 1,200. Yuko chini ya dola 2,000 na anastahili utaratibu rahisi. Angalia mwenyewe kiwango cha dola siku unayosafirisha. Bei na kiwango nilivyotumia ni vya kukokotolea tu.

Mnunuzi amemtumia kibali cha KEPHIS. Mkulima anaingia ATMIS, anachagua huduma ya cheti cha usafi wa mimea, anajaza jina lake na la mnunuzi kama lilivyo kwenye kibali, zao, kilo 2,000, neti 80, alama MG 01, mahali pa asili Magu, Mwanza, na mahali pa kuingilia Isebania. Kwenye njia ya usafiri anaandika "kwa barabara", na namba ya gari anaiacha ikae kwenye karatasi za forodha. Gari likiharibika Bunda na mzigo ukahamishiwa jingine, cheti cha usafi chenye namba ya gari la kwanza kinageuka kuwa tatizo bila sababu. Anapakia kibali na ankara, mfumo unampa namba ya malipo, analipa kwa simu au benki.

Kisha anapanga ukaguzi. Wakaguzi wako Sirari pia, na kuna watu wanaopeleka mzigo moja kwa moja huko. Mimi nashauri ukaguliwe kabla ya kupakia. Neti nne zikikataliwa ukiwa Magu, unazifungua, unachambua na kuziuza gulio la Jumamosi. Zikikataliwa Sirari, gari linakudai kwa siku, hujui mtu, na madalali wanaotazama kwa mbali wanajua hivyo.

Mkaguzi akija, hatafungua neti zote. Anachagua sampuli kutoka sehemu mbalimbali za rundo, kwa hiyo lipange anakoweza kufika katikati na chini. Anamwaga vitunguu, anatazama shingo, anakata vichache, anatafuta udongo, mbegu za magugu na wadudu hai. Akiona dalili asizozijua anaweza kuchukua sampuli kwenda maabara, na hapo utasubiri. Usifungashe mzigo wote usiku wa kuamkia safari kana kwamba jibu limeshatoka.

Katika mfano wetu, neti nne zimekutwa na vitunguu vinavyooza. Mkulima anazitoa. Sasa ana neti 76, kilo 1,900. Kishawishi kinachofuata ni kuchambua harakaharaka usiku na kurudisha neti nne zilizojaa vitunguu ambavyo hakuna aliyevikagua. Asifanye hivyo. Cheti kitaandikwa 76 na kilo 1,900, na ankara inabadilishwa iwe shilingi 2,850,000. Mpakani, mzigo uliopungua kuliko cheti unaelezeka. Mzigo uliozidi hauelezeki, kwa sababu ziada hiyo haikukaguliwa na yeyote.

Cheti kikitoka, kisome ukiwa bado unaweza kurudi ofisini. Jina la mnunuzi lifanane na kibali hadi herufi. Idadi, uzito na alama zifanane na neti. Tamko la ziada liwepo kama Kenya ilivyolitaka. Ukiona kosa, omba kirekebishwe na aliyekitoa. Usifute, usiongeze herufi kwa kalamu, hata moja. Cheti chenye masahihisho yasiyothibitishwa na mtoaji hakina thamani.

Cheti cha uasili: njia mbili

Kwa mzigo wa dola 2,000 au chini kuna cheti rahisi cha uasili. Ni fomu fupi inayojazwa na kugongwa muhuri na forodha palepale mpakani, na huhitaji wakala wa forodha. Sharti la pili, linalosahaulika, ni kwamba zao lako liwe kwenye orodha ya pamoja ya bidhaa ambazo nchi zimekubaliana. Mazao mengi ya shambani yamo, lakini ulizia lako forodha kabla ya kukodi gari. Afisa akiwa na shaka kama vitunguu ni vya Tanzania, hapo ndipo unatoa barua ya mtendaji na risiti ya halmashauri.

Juu ya dola 2,000 unahitaji cheti kamili cha uasili cha Afrika Mashariki, ambacho kwa Tanzania kinaombwa TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima, pamoja na wakala wa forodha aliye na leseni wa kuingiza tamko kwenye mfumo. Fomu inadai jina la muuzaji na mnunuzi, alama za vifungashio, uzito, namba ya ankara, na namba ya zao katika orodha ya ushuru wa forodha, ambayo kwa vitunguu maji na vitunguu vya aina ya shaloti huanza na 0703.10. Kwenye kigezo cha uasili unatamka kwamba bidhaa imezalishwa kikamilifu. Unasaini wewe, na tamko la uongo ni kosa lako, siyo la wakala.

Usigawe mzigo mmoja wa dola 3,600 uwe miwili ya 1,800 ili kubaki kwenye njia rahisi. Gari moja, mwenye mzigo mmoja, mnunuzi mmoja, siku moja: afisa yeyote mzoefu ataujumlisha. Tofauti na hilo, wakulima wawili wenye shehena zao halisi wanaweza kupanda gari moja, kila mmoja na ankara, alama na vyeti vyake. Hilo ni halali na linapunguza nauli. Sharti ni kwamba neti zisichanganywe. Weka turubai katikati.

Sirari

Lori linapita Lamadi, Bunda, daraja la Kirumi na Tarime. Kabla ya kupakia, fagia sakafu yake. Lori lililobeba samadi au ng'ombe jana litachafua neti ulizosugua wiki nzima, na mkaguzi wa Kenya haangalii cheti tu, anaangalia neti.

Sirari na Isebania ni kituo cha pamoja. Kwa mpangilio huo maafisa wa nchi zote mbili wanakaa upande wa nchi unayoingia, kwa hiyo anayetoka Tanzania anamalizia taratibu Isebania. Fika asubuhi. Nenda na cheti halisi cha usafi, kibali cha KEPHIS, ankara, kitambulisho, TIN, risiti ya halmashauri na barua ya kijiji, na nakala mbili za kila kimoja kwenye bahasha nyingine. Mnunuzi au mtu wake awepo, maana upande wa Kenya mwingizaji ni yeye na maswali mengine ni yake kuyajibu.

KEPHIS watakagua upya kwa sampuli. Wakikuta tatizo, mzigo unaweza kutibiwa, kurudishwa au kuteketezwa, kutegemea kilichoonekana. Omba uamuzi huo kwa maandishi, ukitaja mdudu au kasoro. Bila maandishi hutajua kama tatizo lilikuwa shambani, kwenye neti au kwenye gari, na ofisi ya kwenu haitakuwa na cha kufuatilia.

Vijana watakaokufuata getini wakidai wanaweza "kukusaidia karatasi" hawatoi cheti chochote. Malipo yote ya serikali yana namba ya malipo na risiti. Anayetaka fedha mkononi anajiombea mwenyewe.

Ukibadilisha zao

Nyanya: kiwavi mchimbaji, yule wakulima wanayemwita kantangaze, ndiye wa kwanza kutafutwa, na tundu dogo karibu na kikonyo linatosha kukataliwa. Viazi vitamu: udongo na fukusi.

Mahindi ni habari nyingine. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti, likiwemo kipimo kuthibitisha kwamba sumukuvu aina ya aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwa hiyo juu ya vyeti viwili kuna cha tatu, cha maabara, na kinategemea namna ulivyokausha: kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mchele nao ndiko cheti cha uasili kinakoonyesha uzito wake. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa mchele unaotoka nje ya Jumuiya umewekwa asilimia 75 au dola 345 kwa tani, chochote kilicho kikubwa. Ndiyo maana maafisa wanauchunguza mchele zaidi ya vitunguu, wakihofia wa Asia uliobadilishiwa mifuko. Kama wewe ni mkulima wa mpunga wa Misungwi au Sengerema, beba pia risiti ya mashine ya kukoboa.

Ukienda Uganda kupitia Mutukula, mantiki ni ileile, ila kibali cha kuingiza mnunuzi anakiomba kwenye wizara ya kilimo ya Uganda. Usitumie cheti kilichoandikwa Isebania kwa mzigo uliopata mteja Masaka katikati ya safari. Omba kingine.